Umetibiwa bakteria wa tumbo, mbona kipimo bado kinasema unaye?

Tumbo linauma juu ya kitovu, linaachia wiki mbili, halafu linarudi. Unaenda maabara, unatobolewa kidole, dakika kumi baadaye unaambiwa una bakteria wa vidonda vya tumbo. Unameza dawa mpaka zinaisha. Miezi mitatu mbele maumivu yanarudi, unapima tena na jibu ni lile lile: unaye.

Wengi hapo huamini dawa zimegoma, au bakteria wao ni sugu kuliko wa watu wengine. Inawezekana. Lakini kabla ya kufika huko kuna swali moja la kuuliza, na wagonjwa wengi hawaliulizi: kilichopimwa ni nini hasa? Damu, choo au pumzi?

Vipimo hivi vitatu vyote vinamtafuta bakteria mmoja, helikobakta pailori, ila havijibu swali moja. Viwili vinakuambia kama yupo tumboni leo. Cha tatu, ambacho ndicho rahisi kukipata mtaani, kinakuambia kama mwili wako umewahi kukutana naye.

Damu inakumbuka, haioni

Kipimo cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na mgeni aliyeingia. Bakteria akishauawa kwa dawa, kingamwili haziondoki siku hiyo hiyo. Hupungua polepole sana, na kwa watu wengi hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, wengine hata miaka.

Ni kama kuona nyayo uani asubuhi. Unajua mtu alipita, hujui kama bado yuko ndani.

Ndiyo maana mtu aliyepona kabisa anaweza kutobolewa kidole na kile kibao kidogo cha plastiki kikatoa mistari miwili. Kibao hakijakosea. Kimeona kingamwili, na kingamwili kweli zipo. Anayekosea ni yule anayesoma mistari hiyo na kusema, "Bado unaye, anza dozi nyingine."

Kwa sababu hii miongozo ya wataalamu wa mfumo wa chakula, ya Ulaya na ya Marekani, haikubali kipimo cha kingamwili kitumike kuangalia kama mtu amepona. Na hata kwa mtu ambaye hajawahi kutibiwa, jibu la chanya kwenye damu peke yake ni dalili tu inayohitaji kuthibitishwa kwa choo au pumzi kabla ya kuanza antibayotiki.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Bakteria huyu ni wa kawaida sana Afrika, na watu wengi humpata utotoni, mara nyingi ndani ya familia. Ukipima damu za watu wazima kumi waliokaa kituo cha daladala, wasioumwa chochote, usishangae zaidi ya nusu wakawa chanya. Wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Kwa hiyo chanya kwenye damu ya mtu anayeumwa tumbo haithibitishi kwamba bakteria ndiye anayemuumiza.

Angalia herufi mbili kwenye majibu

Majibu siku hizi hutoka kwenye kompyuta ya maabara, au yanatumwa moja kwa moja kwenye simu. Usiishie kusoma neno la mwisho. Tafuta herufi zinazofuata jina la bakteria.

Ukiona `H. pylori Ab` au `H. pylori IgG`, hicho ni kipimo cha kingamwili, cha damu. Ukiona `H. pylori Ag`, wakati mwingine `SAT`, hicho ni cha choo, kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe. `UBT` ni kipimo cha pumzi.

`Ab` na `Ag` zinafanana kiasi kwamba hata muhudumu wa mapokezi huweza kuzichanganya. Tofauti yake ni kubwa: moja inazungumzia historia, nyingine inazungumzia leo.

Mama wa miaka 34, dozi mbili na maumivu yale yale

Chukua mfano huu, ambao daktari yeyote wa tumbo ataufahamu haraka. Mama wa miaka 34 anauza nguo Kariakoo. Mwezi wa kwanza anapata maumivu ya chembe ya moyo, pale juu ya kitovu, hasa akiwa na njaa. Anapimwa damu, anakutwa chanya, anapewa dawa za siku 14: amoksilini, klarithromaisini na omeprazoli. Anazimaliza. Maumivu yanaisha.

Mwezi wa tano yanarudi. Anaenda maabara nyingine, anatobolewa kidole, chanya tena. Anapewa dozi ya pili, antibayotiki nyingine, naye anameza kidonge cha mwisho tarehe 20 Juni. Anabaki na omeprazoli, ambayo sasa anainunua mwenyewe duka la dawa na kumeza kila asubuhi. Mwanzoni mwa Julai tumbo linauma kama zamani.

Tarehe 10 Julai anamwona daktari wa tatu akiwa na karatasi zake zote mbili. Daktari anaziangalia na kuona zote zimeandikwa `Ab`. Maana yake hakuna hata kipimo kimoja, tangu mwezi wa kwanza, kilichoonyesha kama bakteria yupo au hayupo. Inawezekana kabisa dozi ya kwanza ilimmaliza, na ya pili ikatibu kumbukumbu tu.

Daktari hamwambii akatoe choo siku hiyo hiyo. Anamuuliza kwanza anatumia dawa gani, na hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Omeprazoli hupunguza asidi tumboni. Helikobakta pailori amezoea kuishi kwenye asidi, na asidi ikishuka idadi yake hupungua, waliobaki husogea sehemu ya juu ya tumbo, na shughuli zao hupoa. Hawajafa. Wamepungua kiasi kwamba kipimo cha choo au cha pumzi kinaweza kuwakosa. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zake wote wa jamii moja: esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli. Antibayotiki nazo, pamoja na dawa zenye bismathi, huwalaza bakteria kwa muda bila lazima kuwamaliza.

Kanuni basi ni mbili. Omeprazoli na jamii yake ziachwe siku 14 kabla ya kipimo cha choo au pumzi. Antibayotiki na bismathi ziwe zimepita wiki 4 tangu kidonge cha mwisho. Tarehe inayochelewa kati ya hizo mbili ndiyo inayofuatwa.

Kwa mama huyu hesabu iko hivi. Antibayotiki ziliisha tarehe 20 Juni, wiki nne zinatimia tarehe 18 Julai. Lakini omeprazoli ameimeza mpaka asubuhi ya tarehe 10 Julai, na siku 14 kutoka hapo ni tarehe 24 Julai. Apime kuanzia tarehe 24, si kabla. Angetoa choo tarehe 10 na jibu likawa hasi, jibu hilo lisingekuwa na thamani yoyote.

Wiki mbili bila omeprazoli si rahisi kwa mtu anayeumwa, na wengi hushindwa hapa. Kiungulia mara nyingi hurudi kwa nguvu siku za mwanzo. Anaruhusiwa kutuliza kwa dawa za kawaida za kupoza asidi, vidonge vya kutafuna au zile za maji meupe, ambazo haziharibu kipimo kwa kiasi kile. Anayetumia omeprazoli kwa maelekezo ya daktari kwa sababu ya kidonda kilichowahi kuvuja damu, au kwa kuwa anatumia aspirini ya moyo, asiiache bila kumuuliza daktari wake.

Swali la pili la daktari lilikuwa kuhusu dawa za maumivu. Kumbe mama huyu, kwa kubeba mizigo, anameza diklofenaki ya mgongo karibu kila siku tangu mwezi wa nne. Diklofenaki, brufeni na aspirini huweza kuchubua tumbo na hata kutengeneza kidonda bila bakteria yeyote kuhusika. Anaambiwa aiache, apewe kitu kingine cha mgongo.

Tarehe 24 Julai anapeleka choo, kipimo ni `Ag`. Jibu: hasi. Sasa hasi hii inaaminika, kwa sababu masharti yote yametimia. Maumivu nayo yalishaanza kupungua tangu diklofenaki iliposimama. Dozi ya tatu ya antibayotiki, ambayo alishaanza kuichanga, haikuhitajika.

Upande wa pili nao uzingatiwe. Kama jibu lingekuwa chanya, lingekuwa chanya la kweli kwa kiasi kikubwa, na daktari angekuwa na sababu ya kubadilisha mchanganyiko wa dawa. Usugu wa klarithromaisini na metronidazoli upo na unazidi kuwa tatizo, hivyo dozi kushindwa si jambo la ajabu. Ndiyo maana kila aliyetibiwa anatakiwa kupimwa tena baada ya wiki 4, hata kama anajisikia mzima. Ila apimwe kwa choo au pumzi.

Kipimo cha choo kinavyofanyika

Hiki ndicho kipimo cha maana kilicho rahisi kukifikia kwa watu wengi wa Afrika Mashariki. Bakteria akiwa tumboni, vipande vyake hushuka na chakula mpaka kwenye choo. Vipande hivyo huitwa antijeni, na kipimo huvinasa.

Huhitaji kufunga kula. Unapewa kikopo chenye kijiko kwenye kifuniko. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo, punje kama ya njegere inatosha, kwa hiyo hakuna haja ya kujaza kikopo. Choo kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Njia rahisi ni kutandika karatasi safi au mfuko, kisha kuchota.

Kipeleke siku hiyo hiyo. Kikibidi kulala nyumbani, kiwekwe kwenye ubaridi wa friji, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Kikopo kilichokaa kwenye joto la Dar kutwa nzima kinaweza kutoa hasi ya uongo kwa sababu antijeni huharibika. Mtu anayeharisha maji naye asubiri itulie kama hali inaruhusu, maana kwenye choo cha maji maji vipande hivyo vinakuwa vimezimuliwa.

Kuna namna mbili za kupima choo. Moja ni kibao cha haraka kinachotoa mistari, nyingine hufanywa kwa mashine ya maabara na huchukua muda zaidi. Cha mashine kwa kawaida ni sahihi zaidi, hasa pale unapotaka kujua kama umepona. Kibao cha haraka si kibaya, ila mstari hafifu sana, ule wa kugeuza geuza kwenye mwanga ndipo uuone, ni vema urudiwe kabla mtu hajaandikiwa dawa.

Kupuliza kwenye mfuko

Kipimo cha pumzi kinategemea tabia moja ya ajabu ya huyu bakteria. Ili asiunguzwe na asidi, hutoa kimeng'enya kinachovunja urea na kuifanya amonia na hewa ya kaboni dayoksaidi. Amonia inamjengea kama mwavuli dhidi ya asidi. Kaboni dayoksaidi inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, inatoka na pumzi.

Wapimaji wanaitumia njia hiyo hiyo. Unafika asubuhi ukiwa hujala kwa saa kadhaa, vituo vingi hutaka saa 6. Unapuliza kwenye mfuko wa kwanza. Halafu unapewa urea ya kunywa, ambayo kaboni yake imewekewa alama: ni kaboni 13, nzito kidogo kuliko ya kawaida, isiyo na mionzi. Unakaa umetulia, kwa kawaida dakika 30, huli, hunywi, huvuti sigara. Kisha unapuliza mfuko wa pili.

Mashine inalinganisha mifuko miwili. Kama bakteria yupo, ameshavunja ile urea na kaboni yenye alama imeongezeka kwenye mfuko wa pili. Kama hayupo, mifuko inafanana. Majibu huja kwa namba ya tofauti hiyo, na vituo vingi huweka mpaka karibu na 4. Ukipata 25, hakuna ubishi. Ukipata 3.8 au 4.3, uko mpakani, na la busara ni kurudia siku nyingine badala ya kulilia au kushangilia.

Ipo pia aina ya kidonge chenye kaboni 14. Hii ina mionzi, kiasi kidogo sana, lakini kwa tahadhari haitumiki kwa wajawazito na watoto. Kwao hutumika kaboni 13 au kipimo cha choo. Kama ni kidonge, kimezwe kizima kwa maji, kisitafunwe. Mdomoni kuna bakteria wengine wanaoweza kuvunja urea, na ukitafuna watakuletea chanya ambayo haikutoka tumboni.

Kipimo hiki ni sahihi sana kikifanywa kwa masharti, na ni safi, hakina cha kuchota. Ubaya wake ni kwamba kinapatikana zaidi kwenye hospitali na maabara kubwa za mijini, na bei yake kwa kawaida iko juu ya kile cha choo. Mtu aliyeko mbali na mji asijisikie amepunjwa: choo kilichopimwa vizuri kinatosha.

Kwa wanaopenda historia, mambo haya hayana muda mrefu. Ni mwaka 1982 ndipo madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipofanikiwa kumwotesha bakteria huyu maabara. Wenzao wengi hawakuamini kwamba kuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe, akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo, akaonyesha alichotaka kuonyesha. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli.

Basi kipimo cha damu kitupwe?

Hapana, ila kazi yake ni ndogo kuliko inavyotumika. Kwa mtu ambaye hajawahi kutibiwa, jibu la hasi kwenye damu, hasa damu iliyopimwa maabara kwa `IgG` na si ya kutoboa kidole tu, linapunguza sana uwezekano kwamba anaye.

Pia kinasaidia pale vipimo vingine vinapopofuka. Mtu aliyelazwa kwa kidonda kinachovuja damu, au ambaye hawezi kabisa kuacha omeprazoli, anaweza kupata hasi ya uongo kwenye choo na pumzi. Kingamwili haziathiriki na dawa hizo, hivyo daktari anaweza kuitumia damu kama ushahidi wa nyongeza.

Na jambo jingine linalowachanganya watu: ukimeza omeprazoli na kipimo cha choo bado kikatoka chanya, chanya hiyo kwa kawaida inakubalika. Dawa huficha bakteria, haimbuni. Kinachotiliwa shaka ni hasi.

Wakati wa kuachana na vipimo hivi vyote

Kuna wagonjwa ambao hawatakiwi kuhangaika na kikopo wala mfuko. Anayetapika damu au kitu kama unga wa kahawa, anayepata choo cheusi kinachonata kama lami, chakula kinachokwama kinapomezwa, uzito unaoshuka bila sababu, au upungufu wa damu usioelezeka, huyo anahitaji kumulikwa tumbo kwa mpira wenye kamera. Hata aliyeanza maumivu kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima wa makamo na kuendelea, madaktari wengi hupendelea aangaliwe kwa kamera mapema.

Choo cheusi kina mtego wake: vidonge vya madini ya chuma, wanavyopewa wajawazito, hufanya choo kiwe cheusi, na bismathi pia. Taja dawa zote unazotumia. Lakini kama ni cheusi, kinanata, kina harufu kali isiyo ya kawaida, na kichwa kinakuwa chepesi ukisimama, usisubiri kesho. Nenda hospitali usiku huo huo.